Sura ya 7: Kusubiri Sita

Kwenye ludo kete zako nne hukaa ndani mpaka upate sita. Mwenye bahati hutoka kwa mrusho wa kwanza. Asiye nayo hutikisa dadu, huipulizia, hubadilisha mkono, huku wenzake wakizunguka ubao mzima na kumcheka. Barazani kwetu ubishi ulikuwa mmoja kila jioni: kwa wastani mtu arushe mara ngapi ndipo sita ije? Kaka yangu alisema mara 6. Dadu ina nyuso sita, basi kila uso una zamu yake. Mimi nilimpinga kwa nguvu zote, nikisema dadu haina kumbukumbu, haiwezi kujua zamu ya nani imefika.

Mimi nilikuwa na hoja nzuri, yeye alikuwa na jibu sahihi. Kulithibitisha jibu lile bila ile hadithi ya zamu kunatupeleka kwenye mojawapo ya mbinu ninazozipenda zaidi katika hesabu, nayo haihitaji zaidi ya ukurasa mmoja wa daftari.

Tuanze na uwezekano. Kupata sita mrusho wa kwanza ni 1/6. Kuipata mrusho wa pili maana yake umekosa mara moja, jambo lenye uwezekano wa 5/6, kisha ukapata. Kuipata mrusho wa tatu ni kukosa mara mbili kisha kupata, na kuendelea hivyo. Wastani hupatikana kwa kuzidisha kila idadi ya mirusho kwa uwezekano wake, halafu kujumlisha zote:

1·(1/6) + 2·(5/6)(1/6) + 3·(5/6)²(1/6) + 4·(5/6)³(1/6) + …

Kila kipande kina 1/6, kwa hiyo tuitoe nje. Tukiandika q mahali pa 5/6, kinachobaki ni hiki:

(1/6) · (1 + 2q + 3q² + 4q³ + …)

Nukta zile tatu hazina mwisho. Mtu anaweza kukosa mara 10, mara 40, na hakuna mrusho ambao sheria ya dadu inasema sita lazima iwe imeshatoka. Tunahitaji njia ya kujumlisha vipande visivyokwisha, na kero yetu yote iko kwenye zile 1, 2, 3, 4 zilizosimama mbele. Kama zisingekuwepo tungebaki na 1 + q + q² + q³ + …, yaani mfululizo wa jiometri, ambao kila kipande ni kile kilichotangulia kikizidishwa kwa namba ileile. Huo hauna ugumu. Uite S, kisha uandike mara mbili, mara ya pili ukiwa umeuzidisha kwa x:

S = 1 + x + x² + x³ + …
xS = x + x² + x³ + …

Ukitoa wa chini kwenye wa juu, vyote vinafutana isipokuwa ile 1 ya mwanzo. Basi S − xS = 1, na

1 + x + x² + x³ + … = 1/(1−x)

Hii ni kweli ilimradi x iwe kati ya −1 na 1. Shikilia sharti hilo, maana litarudi kutudai.

Sasa tuziangalie upya zile namba zinazotusumbua. Mbele ya q² kuna 3, mbele ya q³ kuna 4. Kila namba inafanana sana na kipeo kilicho karibu nayo, imekizidi kwa moja tu. Ni kama vile kila namba ilikuwa kipeo cha kipande chake, ikadondoka chini, na kipeo kilichoachwa juu kikapungua kwa moja: x³ ikawa 3x², x⁴ ikawa 4x³. Aliyewahi kuketi kwenye somo la kalkulasi ameshaiona sura hiyo. Ndivyo kinavyotendeka kipeo pale tunapotafuta kasi ya kubadilika. Kitendo hicho nitakiita kunyambua, neno ambalo wengi tulilizoea kwenye sarufi, tulipotoka *piga* kwenda *pigia* na *pigana*. Linafaa hapa pia, kwa kuwa tunachukua kitu na kukipa umbo jingine kwa kanuni moja.

Kwa nini kipeo kidondoke? Chukua x⁴, yaani x zidisha x zidisha x zidisha x. Iongeze x kidogo mno, kwa kiasi h. Zao linaongezeka kwa sababu x ya kwanza imeongezeka huku tatu zikibaki zilivyo, na hiyo inaleta x³·h. Vilevile x ya pili inaleta x³·h, na ya tatu, na ya nne. Zile x nne zimepeana zamu, kila moja imechangia kiasi kilekile, na jumla ni 4x³·h. Mabaki yenye h mara h ni madogo kiasi cha kusahaulika. Ile 4 iliyosimama mbele, basi, ni hesabu ya waliochangia. Kaka yangu angefurahi kusikia kwamba zamu zipo, ila zipo kwenye vipeo, si kwenye dadu.

Hapo ndipo njia inapofunguka. Tukinyambua upande wa kushoto wa mfululizo wa jiometri, kipande kwa kipande, ile 1 haibadiliki kamwe kwa hiyo inatoweka, x inakuwa 1, x² inakuwa 2x, x³ inakuwa 3x². Tunapata kile tulichokuwa tukikitafuta, 1 + 2x + 3x² + 4x³ + …, bila kujumlisha chochote.

Upande wa kulia una 1/(1−x) peke yake. Tuiongeze x kwa h tuone tofauti. Kutoka 1/(1−x) tunafika 1/(1−x−h). Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili kwa kulinganisha asili, kiasi kinachobaki juu ni h tu, na chini ni (1−x)(1−x−h). Gawa kwa h, kisha iache h ififie. Kinachobaki ni 1/(1−x)². Pande mbili zilizokuwa sawa lazima ziwe zinabadilika kwa kasi sawa, kwa hiyo:

1 + 2x + 3x² + 4x³ + … = 1/(1−x)²

Rudi barazani. Tukiweka q = 5/6, 1−q ni 1/6, mraba wake ni 1/36, na upande wa kulia ni 36. Zidisha kwa ile 1/6 tuliyoitoa nje. Unapata 6. Dadu isiyo na kumbukumbu, isiyojua zamu, inatoa wastani uleule uliotajwa na mtu aliyeamini zamu.

Vitabu hupenda kuandika kanuni hii kwa umbo jingine kidogo, ambamo namba ya mbele, n, na kipeo ni namba ileile. Kunyambua kumepunguza kila kipeo kwa moja, basi tunakirudisha kwa kuzidisha pande zote kwa x:

x + 2x² + 3x³ + 4x⁴ + … = x/(1−x)²

Kosa linaloonekana zaidi kwenye madaftari ya wanafunzi ni kuisahau x hiyo. Anayetafuta 1/2 + 2/4 + 3/8 + 4/16 + … bila kuizidisha hupata 4 badala ya 2. Kinga yake ni nyepesi: jumlisha vipande vichache kwa mkono. Cha kwanza ni 0.5, viwili vinafika 1, vitatu 1.375, sita vinafika 1.875, na kila kinachofuata ni kidogo kuliko kilichotangulia. Hapo unaona inanyemelea 2. Mimi napenda zaidi kujaribu x ndogo sana. Mfululizo unaoanza na x lazima, x ikiwa 0.01, utoe kitu kinachokaribia 0.01. Kanuni yetu inatoa 0.01/0.9801, ambayo ni 0.01020304… Sio tu kwamba iko karibu na 0.01, bali inahesabu mbele ya macho yako: 01, 02, 03, 04. Kanuni isiyo na x juu ingetoa 1.02, na kosa lingejulikana papo hapo.

Jaribio hilo lina ndugu yake maarufu zaidi. Weka x = 1/10. Kanuni inatoa 0.1/0.81, yaani 10/81. Gawa kwa mkono, kwa mgawanyo mrefu wa shule ya msingi:

10/81 = 0.123456790123456790…

Inahesabu vizuri mpaka 7, kisha inaruka 8. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimekosea kugawa, nikarudia mara tatu. Hakuna kosa. Kipande cha nane cha mfululizo kinaweka 8 mahali pa nane, cha tisa kinaweka 9 mahali pa tisa, lakini cha kumi kinataka kuweka 10 kwenye nafasi ya tarakimu moja. Kinaandika 0, kinabeba 1. Ile 1 inaifanya 9 kuwa 10, nayo inaandika 0 na kubeba 1, na 8 inakuwa 9. Ile 8 haijapotea, imepandishwa cheo na mzigo uliotoka kulia kwake.

Jumla ile ya nusu, iliyotoa 2, ni ya zamani kuliko kalkulasi. Katikati ya karne ya 14, Richard Swineshead wa Chuo cha Merton, Oxford, alijiuliza hivi: kitu kikienda kwa kasi fulani katika nusu ya kwanza ya muda, kasi mara mbili katika robo inayofuata, mara tatu katika sehemu ya nane inayofuata, na kuendelea bila mwisho, kasi yake ya wastani ni ngapi? Alijibu kwamba ni mara mbili ya ile ya mwanzo, akaithibitisha kwa maneno matupu, kurasa kwa kurasa. Haikuwepo alama wala kanuni ya kumsaidia. Mfaransa Nicole Oresme alilipata jibu hilohilo muda mfupi baadaye kwa mchoro, akikata maumbo na kuyapanga upya.

Kiini cha kupanga upya huku unaweza kukifanya mwenyewe. Vunja 2/4 iwe robo mbili, 3/8 iwe sehemu tatu za nane, na kadhalika. Kisha chukua kimoja tu kutoka kila kundi: 1/2 + 1/4 + 1/8 + … ni 1. Chukua tena kimoja kimoja kutoka makundi yaliyobaki: 1/4 + 1/8 + … ni 1/2. Mara ya tatu unapata 1/4. Jumla ya hizo, 1 + 1/2 + 1/4 + …, ni 2.

Njia ya Oresme ni nzuri, na kwa mfululizo huu mmoja haina upungufu wowote. Ubora wa kunyambua huonekana namba za mbele zinapokuwa ngumu zaidi. Tuseme unataka 1, 4, 9, 16 badala ya 1, 2, 3, 4. Wa kupanga upya lazima abuni mchoro mpya. Wa kunyambua anarudia kitendo kilekile: ananyambua x/(1−x)², anazidisha kwa x, na kila n inadondoka mara ya pili na kuwa n². Hesabu yake inatoa

x + 4x² + 9x³ + 16x⁴ + … = x(1+x)/(1−x)³

Ukiweka nusu unapata 6. Ukirudia kwa n³ unapata 26. Jakob Bernoulli wa Basel alizitoa namba hizo mbili, 6 na 26, katika kitabu chake kuhusu mifululizo isiyo na mwisho cha mwaka 1689.

Lakini kuna jambo nimelipitisha kimyakimya, na msomaji mkali ameshaniona. Kunyambua jumla kwa kunyambua kila kipande ni halali kwa vipande viwili, kumi, au milioni. Nani alisema ni halali kwa vipande visivyokwisha? Mwaka 1826 kijana wa Norwe, Niels Henrik Abel, alimwandikia mwalimu wake wa zamani Holmboe akilalamika kuhusu jambo hilihili. Alitoa mfano wa mfululizo

x/2 = sin x − (1/2) sin 2x + (1/3) sin 3x − …

ambao ni wa kweli kwa x iliyo kati ya −π na π. Unyambue kipande kwa kipande na upande wa kushoto ni 1/2, lakini wa kulia ni cos x − cos 2x + cos 3x − …, vipande ambavyo havififii kamwe, na jumla haitulii popote. Kitendo kilekile kilichotuletea 6 kwenye ludo, huku kinaleta upuuzi.

Basi tujihakikishie kwamba sisi tuko salama, na tufanye hivyo bila kugusa nukta tatu. Simamisha mfululizo wa jiometri kwenye kipande fulani N. Mbinu ileile ya kutoa inatupa

1 + x + … + x^N = (1 − x^(N+1))/(1−x)

Hapa hakuna kisicho na mwisho, kwa hiyo kunyambua hakuna ubishi. Nyambua, zidisha kwa x, panga vizuri:

x + 2x² + … + N·x^N = x · (1 − (N+1)x^N + N·x^(N+1)) / (1−x)²

Hii ni kanuni yetu pamoja na mkia. Kila kitu sasa kinategemea vipande viwili vya mkia, na vyote vina namba inayokua, N, ikizidishwa kwa x^N inayopungua. Nani anashinda? Kwa x iliyo kati ya −1 na 1, x^N hushinda daima, kwa sababu N hupanda kwa kuongeza moja moja, ilhali x^N hupungua kwa kuzidishwa. Mkia unafifia, na kanuni inabaki peke yake.

Unafifia lini, hilo ni swali jingine. Kwa nusu unafifia haraka: vipande 10 tayari vinafika 1.988. Kwa x = 0.9 mambo ni tofauti. Kanuni inasema jumla ni 90, lakini vipande vyenyewe vinaendelea kukua mpaka cha tisa, cha kumi kinakuwa sawa kabisa na cha tisa, ndipo vinaanza kushuka. Ukijumlisha 10 vya kwanza umefika kama 27 tu. Vipande 50 vinakufikisha 87, na unahitaji karibu 100 kufika 89.97. Anayekagua kanuni kwa kujumlisha vichache kwa mkono, kama nilivyoshauri juu, asichague x iliyo jirani na 1, atadhani kanuni ni mbovu.

Na nje ya mpaka, kanuni haikuonyi. Weka x = 2 kwenye x/(1−x)² na upate 2, jibu lilelile la nusu, tena bila aibu. Mfululizo wenyewe ni 2 + 8 + 24 + 64 + …, umeshaipita 2 kwenye kipande cha pili. Ukibadilisha x kwa 1/x kanuni hii haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo kila x halali ina pacha asiye halali anayetoa namba yenye sura nzuri. Sharti la −1 mpaka 1 lazima ulibebe mwenyewe, maana kwenye alama za kanuni halionekani.

Limebaki deni moja la barazani. Kaka yangu aliposema mara 6, aliyekwama mpaka mrusho wa 12 alihesabiwa kuwa amelogwa. Wastani haukuambii matokeo yanatawanyika kiasi gani, na mtawanyiko unahitaji n². Gawa kanuni ya n² kwa x ili vipeo vishuke kwa moja, weka 5/6, zidisha kwa 1/6: wastani wa mraba wa idadi ya mirusho ni 66. Toa mraba wa 6, ambao ni 36. Kinabaki 30, na kipeuo chake cha pili ni karibu 5.5. Mtawanyiko unakaribia wastani wenyewe. Zaidi ya nusu ya wachezaji, 52 kati ya 100, hupata sita ndani ya mirusho minne. Wanaolipia wepesi huo ni wale wachache wanaosubiri sana: mirusho 12 bila sita huwapata kama watu 11 kati ya kila 100. Barazani kwetu tulikuwa watoto wanne, tukicheza michezo mitatu au minne kila jioni. Karibu kila jioni palikuwa na mmoja aliyelogwa.